Jibu la likizo linalojibu mara moja na kuyanyamazia makundi: Gmail, Outlook, cPanel au Sieve?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kwa jibu la likizo la barua pepe, hizo ni siku nyingi. Mpangilio usiomkera mtu katika safari ya wiki moja unaweza kumkera katika wiki ya pili, na ikifika wiki ya nne wateja wameshaacha kuyafungua majibu yako. Kwa hiyo nimezipima njia nne kwa kipimo hicho cha siku 28. Ndizo ninazokutana nazo zaidi katika ofisi ndogo ninazozihudumia hapa Tanga, kuanzia bandarini hadi Chumbageni na Ngamiani.

Tumchukue afisa wa ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Anaanza likizo Jumatatu tarehe 6 Julai 2026 na inaisha Jumapili tarehe 2 Agosti. Anakwenda kwao Lushoto, na hataki kushika simu kila saa. Barua zinazomjia ni za aina tatu. Kuna mteja mpya wa Mombasa anayeuliza bei ya kutoa kontena, ambaye hajawahi kumwandikia. Kuna karani wa kampuni ya meli anayemwandikia kila siku ya kazi. Halafu kuna orodha ya barua pepe ya mawakala, tuseme ina wanachama 200, ambako mtu yeyote akiandika barua inawafikia wote.

Anachotaka ni rahisi kukisema: mteja mpya ajibiwe, karani ajibiwe mara moja basi, orodha isijibiwe kabisa.

## Kufuli mbili, si moja

Watu wengi hudhani kwamba mfumo ukishajua kumjibu kila mtu mara moja tu, suala la orodha limejimaliza. Sivyo. Barua ikipita kwenye orodha, jina la mtumaji mara nyingi hubaki lile la mwanachama aliyeiandika. Leo kaandika mwanachama wa Dar es Salaam, kesho wa Mtwara, keshokutwa wa Mwanza. Kwa mfumo, kila mmoja wao ni mtumaji wa mara ya kwanza, na kila mmoja atapata jibu lake. Kumbukumbu ya nani ameshajibiwa haikusaidii hapo. Orodha ikiwa imepangwa ili majibu yarudi kwa wote, na mfumo wako ukaifuata anwani hiyo ya kujibia, watu 200 wataarifiwa kwamba uko likizo kwa sababu ya barua moja.

Kwa hiyo zinahitajika kufuli mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya watumaji: mfumo unaweka orodha ya anwani ulizozijibu na kuzikumbuka kwa muda fulani. Ya pili ni kuitambua barua ya orodha, na hiyo hufanywa kwa kusoma mistari iliyojificha juu ya barua. Orodha zinazoendeshwa na Mailman au Google Groups huweka mstari wa `List-Id:`, na kwa kawaida pia `Precedence: list`. Waraka wa viwango uitwao RFC 3834, wa mwaka 2004, unaeleza jinsi mfumo wenye adabu unavyopaswa kufanya: usiijibu barua yenye dalili za orodha, usiijibu barua ambayo nayo ni jibu la mashine, peleka jibu kwenye anwani ya kurudishia iliyoandikwa kwenye bahasha ya barua, na usimrudie mtu yuleyule kabla siku kadhaa hazijapita. Mfumo mwenye adabu pia huangalia kama anwani yako imo kwenye `To:` au `Cc:`. Ikiwa haimo, hunyamaza.

Tofauti ya njia hizi nne iko kwenye jinsi kila moja inavyozifunga kufuli hizo.

## Gmail: orodha inanyamaziwa, kumbukumbu ni fupi

Kwenye Gmail unafungua mipangilio, unashuka hadi `Vacation responder`, unajaza siku ya kwanza, siku ya mwisho na maneno. Kufuli ya pili imefungwa tayari, na huhitaji kuigusa: barua zilizotumwa kwa orodha uliyojiunga nayo hazijibiwi, na zilizoangukia kwenye barua taka hazijibiwi. Kwa afisa wetu, orodha ya mawakala haitasikia lolote.

Udhaifu uko kwenye kufuli ya kwanza. Gmail humkumbuka mtu kwa siku nne tu. Akikuandikia tena baada ya siku nne na jibu bado limewashwa, anajibiwa upya. Karani wetu akiandika kila siku ya kazi, atapata jibu tarehe 6, kisha kama tarehe 10, 14, 20, 24 na 28. Ni majibu kama sita yanayosema jambo lilelile. Mtu anayeandika kila siku, mwisho wa wiki ukiwemo, anaweza kufikisha saba. Siku hizo nne hazibadiliki, kwa maana hakuna mahali pa kuandika 30. Zaidi ya hapo, ukihariri maneno ya jibu katikati ya likizo, hata kwa kurekebisha herufi moja, hesabu inaanza upya kwa watu wote. Soma jibu lako vizuri kabla ya kulihifadhi, kisha liache.

Kuna kisanduku cha `Only send a response to people in my Contacts`. Kukiweka alama kunapunguza kelele, lakini mteja mpya wa Mombasa hayumo kwenye majina uliyohifadhi. Kwa ofisi inayoishi kwa wateja wapya, kisanduku hicho kinamnyima jibu yule hasa anayelihitaji. Kwa mwalimu au mtafiti anayewasiliana na watu walewale, kinafaa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba baadhi ya ofisi zinazolipia huduma ya Google huunda anwani ya pamoja, kwa mfano ya mauzo, kwa kutumia Google Groups. Barua ya mteja ikipita hapo inakuja na `List-Id:`, hivyo tegemea kwamba jibu lako la likizo halitatoka. Hilo si kosa la mpangilio. Mteja huyo aliiandikia ofisi, hakukuandikia wewe, na mwenzako aliyebaki zamu ndiye wa kumjibu.

## Outlook ya ofisini: kumbukumbu ndefu, orodha ni mashaka

Ofisi zenye Microsoft 365 au Exchange hutumia `Automatic Replies`. Hapa kufuli ya kwanza ni imara kuliko zote: kila mtumaji hujibiwa mara moja kwa kipindi chote ambacho mpangilio umewashwa. Karani atapata jibu moja tarehe 6 Julai na hatapata lingine hadi Agosti. Kumbukumbu inafutwa ukizima na kuwasha tena, kwa hiyo usizime Jumamosi kwa sababu tu umepita ofisini kuchukua kitu, kisha ukawasha Jumatatu.

Shida ni kufuli ya pili. Mpangilio umegawanyika sehemu mbili, watu wa ndani ya taasisi na watu wa nje. Kwa watu wa nje unachagua kati ya kujibu kila mtu na kujibu walio kwenye majina uliyohifadhi tu. Microsoft wenyewe wanatahadharisha kwamba ukichagua kila mtu, jibu litakwenda kwa kila barua, zikiwemo za majarida, matangazo na pengine taka, na wanashauri kuchagua majina uliyohifadhi. Afisa wetu amebanwa: akichagua majina yake, mteja wa Mombasa hapati kitu, akichagua kila mtu, hana hakika na ile orodha ya mawakala iliyo nje ya taasisi yake.

Wapo wanaojaribu kukwepa kwa kutengeneza kanuni ya `reply using a specific template` na kuiwekea sharti la kuziacha barua zenye `List-Id` kichwani. Kwa likizo sikushauri. Kanuni hiyo inafanya kazi Outlook ikiwa wazi kwenye kompyuta, na kumbukumbu yake inafutika programu ikifungwa. Umeme ukikatika Chumbageni siku ya tatu na kompyuta ikazima, hakuna jibu linalotoka tena hadi mtu aiwashe na kuifungua.

Njia ninayoiamini kwa Outlook ni kuishughulikia orodha yenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya orodha na usimamishe upokeaji kwa muda. Kwenye Mailman kuna chaguo la kuzima `Mail delivery`, na kwenye Google Groups kuna `No email`. Unabaki mwanachama, mazungumzo yanaendelea kuhifadhiwa huko kama orodha yenu inaweka kumbukumbu, ila barua haziji kwako kwa hiyo hakuna cha kujibiwa. Ukishafanya hivyo unaweza kuchagua kila mtu wa nje kwa moyo mweupe zaidi. Inachukua dakika chache kwa kila orodha. Mwenye orodha tatu ataona ni jambo dogo, lakini mwenye thelathini atakata tamaa njiani.

## cPanel: usiitegemee kwa hili

Ofisi nyingi ndogo zenye anwani za .co.tz zimekodi nafasi kwenye seva ya pamoja, na ukurasa wa usimamizi ni cPanel. Pale kuna `Autoresponders`. Fomu yake ina muda wa kuanza, muda wa kumaliza, maneno ya jibu, na `Interval`, yaani saa ambazo mfumo unasubiri kabla ya kumjibu tena mtu yuleyule. Ukiweka 8, mtu aliyejibiwa saa mbili asubuhi anaweza kujibiwa tena kuanzia saa kumi jioni. Ukiacha 0, kila barua inajibiwa. Kwa likizo ya siku 28 andika 672, maana 28 mara 24 ndiyo saa zote za likizo.

Kufuli ya kwanza basi inafungika, ila kwa hesabu ya mkono. Kwa kufuli ya pili, fomu haina mahali popote pa kusema barua za orodha ziachwe, na kitu nisichoweza kukipanga wala kukiona sikiwekei dhamana. Chombo hiki kinafaa zaidi kwa anwani isiyojiunga na orodha yoyote, kama ile ya kupokea maombi ya kazi.

Lakini kabla ya kukubali kubaki hapo, fungua barua pepe yako kupitia kivinjari. Kama ukurasa ni wa Roundcube na kwenye mipangilio kuna `Filters` au `Vacation`, kuna uwezekano mkubwa unayo njia ya nne bila kujua. Ukiwa na shaka, waulize wanaokuhifadhia barua swali moja: je, mna ManageSieve kwenye mlango 4190?

## Sieve: unazifunga zote mbili mwenyewe

Sieve ni lugha fupi ya kuchuja barua kwenye seva. Sehemu yake ya likizo imeelezwa kwenye RFC 5230 ya mwaka 2008, na kwa seva za Dovecot inaendeshwa na programu iitwayo Pigeonhole. Ndiyo ninayoichagua kila inapopatikana, kwa sababu ni hii pekee kati ya nne inayomruhusu afisa wetu kupata yote matatu aliyoyataka bila kujitoa kwenye orodha. Hii hapa hati yake, yenye anwani ya mfano:

```
require ["vacation", "date", "relational"];

if allof (
  currentdate :zone "+0300" :value "ge" "date" "2026-07-06",
  currentdate :zone "+0300" :value "le" "date" "2026-08-02",
  not anyof (
    exists "List-Id",
    exists "List-Post",
    header :is "Precedence" ["list", "bulk", "junk"],
    header :is "X-Spam-Flag" "YES"
  )
) {
  vacation :days 30 :handle "likizo-2026"
    :addresses ["forodha@mfano.co.tz"]
    :subject "Nipo likizo hadi 2 Agosti"
    "Salaam. Nitarudi kazini tarehe 3 Agosti 2026.
Kwa shughuli za haraka andika kwa anwani ya ofisi.";
}
```

Anza na `:days 30`. Usipoiandika, kawaida ni siku 7, na karani wetu angejibiwa kama mara nne: tarehe 6, 13, 20 na 27. Kwa 30, kumbukumbu inaipita likizo nzima na anapata jibu moja tu. Seva inaruhusiwa kuwa na kikomo chake cha juu, kwa hiyo ukiona watu wanajibiwa tena kila baada ya muda uleule, uliza kikomo hicho ni siku ngapi.

`:handle` ni kijineno kidogo chenye faida kubwa. Bila hicho, seva inalitambua jibu lako kwa maneno yaliyomo. Ukirekebisha sentensi moja, linahesabiwa kuwa jibu jipya, na watu wote walioshajibiwa wanajibiwa tena. Ukiwa na `:handle`, unaweza kuhariri maneno uwezavyo na kumbukumbu ikabaki ileile. Mwakani badilisha jina liwe jingine.

Sehemu ya orodha ndiyo yenye mtego unaowanasa hata wazoefu. Kuna wanaofupisha kwa kuandika `not exists ["List-Id", "List-Post"]`, wakidhani maana yake ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya mistari hiyo. Katika Sieve, `exists` yenye majina mengi ni kweli pale tu yote yanapokuwepo. Kwa hiyo barua yenye `List-Id` pekee inapenya, na orodha inajibiwa. Ndiyo sababu nimeitenganisha mistari hiyo chini ya `anyof`. Pigeonhole yenyewe hukataa kujibu barua zenye dalili za orodha hata usipoandika chochote, lakini hati ikihamishwa kwenda seva nyingine sharti lililoandikwa linahama nayo.

`:addresses` ni anwani zako nyingine ambazo seva izihesabu kuwa ni wewe. Kama barua zinakufikia kupitia anwani ya pili usiyoitaja hapo, mteja hatapata jibu na utadhani mfumo umeharibika. Lakini usiiandike anwani ya pamoja ya ofisi kama wenzako bado wanaifanyia kazi, maana mteja atasoma kwamba hamupo, wakati mezani kuna watu wawili. Na kwa hali yoyote usiiandike hapo anwani ya orodha.

Mwisho ni `:zone "+0300"`. Seva nyingi zinazokodiwa ziko nje na hufuata saa za huko. Seva inayofuata saa ya UTC ingeanza likizo yako saa tisa usiku ya tarehe 6 na kuimaliza saa tisa usiku ya tarehe 3 Agosti. Kwa afisa wa forodha saa tatu hizo si kitu, ila kwa mwenye nyumba ya wageni anayepokea barua za Ulaya na Marekani usiku kucha, zinafaa kuwekwa sawa.

Tukiziweka pamoja kwa ile likizo ya siku 28:

| Njia | Majibu kwa karani | Orodha ya mawakala | Mteja mpya |
|---|---|---|---|
| Gmail | kama 6 | kimya | anajibiwa |
| Outlook, kila mtu | 1 | si hakika. Simamisha orodha | anajibiwa |
| Outlook, majina tu | 1 | kimya kwa asiye kwenye majina | hajibiwi |
| cPanel, saa 672 | 1 | si hakika | anajibiwa |
| Sieve, siku 30 | 1 | kimya | anajibiwa |

Ukiwa na Gmail ya bure na hupati barua nyingi za mtu yuleyule, baki nayo wala usihangaike. Ukiwa na Microsoft 365, washa jibu la ndani, simamisha orodha zako, ndipo ufungue jibu la nje. Ukiwa kwenye seva ya kukodi, tafuta Sieve kwanza kabla ya kugusa `Autoresponders`.

## Kujaribu kabla ya kuondoka

Usijitumie barua mwenyewe kutoka anwani ileile, kwa sababu Sieve haimjibu mwenyewe na utakuwa hujapima chochote. Tumia anwani ya nje, ya ndugu au ya simu yako. Kwa Sieve, rudisha tarehe ya kuanza iwe ya leo kwa muda wa jaribio. Tuma barua ya kwanza, jibu lije. Tuma ya pili kutoka anwani ileile, pasije kitu. Wengi hukwama hapa: wanajaribu tena na tena kwa anwani moja, wanaona kimya, wanabomoa mpangilio uliokuwa unafanya kazi sawasawa. Kimya cha mara ya pili ndicho ulichokuwa unakitafuta. Ukitaka kurudia jaribio tangu mwanzo, tumia anwani nyingine au badilisha `:handle`.

Kwa orodha, usiijaribu kwa kuiandikia orodha halisi. Fungua barua ya zamani iliyotoka kwenye orodha hiyo na utazame mistari yake iliyojificha, kwa Gmail ni `Show original`. Tafuta `List-Id:` na `Precedence:`. Ukizikuta, hati iliyo hapo juu itaitambua.

Usipozikuta, basi hiyo si orodha kwa maana ya kompyuta: ni mtu mmoja anayebandika anwani sitini kwenye `Cc:` kila akiandika. Hakuna njia kati ya hizi nne itakayoitambua yenyewe. Jibu lako litamwendea yeye peke yake, na kwa kumbukumbu ya siku 30 atalipata mara moja. Akiwa mmoja, mwache. Wakiwa watano wanaopokezana, ongeza ndani ya `anyof` mstari unaoshika neno ambalo hawakosi kuliandika kwenye kichwa cha habari, ukitanguliwa na alama ya mkato kama mistari mingine:

```
header :contains "Subject" "[Mawakala Tanga]"
```